Mtoto Anayebweka na Mtoto Anayetokwa na Mate

Saa nane za usiku mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaamka akikohoa. Jana alikuwa na mafua na joto kidogo, akala, akacheza, akalala. Lakini kikohozi hiki si kile cha jioni. Ni kikavu, kizito, kinatoka kooni kama mbwa anayebweka uani, na kati ya kikohozi kimoja na kingine mtoto anavuta pumzi kwa mlio mkali wa kukwaruza unaosikika hadi sebuleni. Sauti imemkauka. Analia, na kadiri anavyolia ndivyo mlio unavyozidi.

Baba anasema ni pumu. Bibi anasema ni kimeo. Mama hasemi kitu, amempakata mtoto wima begani na anatafuta khanga. Wote wamesikia sauti moja, ila jina watakaloafikiana ndilo litakaloamua mtoto anapelekwa hospitali, duka la dawa au kwa mkata vimeo.

Mtoto huyu ana krupu. Ni uvimbe wa koromeo na sehemu ya juu ya bomba la hewa, unaoletwa na virusi, mara nyingi vile vya parainfluwenza. Huwapata zaidi watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu, na mwaka wa pili wa maisha ndio mwaka wake hasa. Huanza na mafua ya siku moja au mbili, kisha hujidhihirisha usiku, mara nyingi kwa ghafla. Kunapokucha mtoto huonekana nafuu, na usiku unaofuata mlio hurudi. Wazazi wengi huchanganyikiwa hapo: wanamfikisha kliniki saa tatu asubuhi akiwa anacheka, wanaambiwa ana mafua, wanarudi nyumbani, na saa sita za usiku wako pale pale walipokuwa jana.

Kwa nini mafua yaleyale yanayompa dada yake mkubwa sauti ya kukwaruza tu yanamnyima mdogo pumzi? Jibu liko kwenye upana wa njia. Chini kidogo ya nyuzi za sauti pana pete kamili ya gegedu, na kwa mtoto mdogo hapo ndipo penye wembamba mkubwa. Utando wa ndani ukivimba hauwezi kutanuka kwenda nje, kwa sababu pete haimpishi mtu. Unavimba kuelekea katikati, mahali hewa inapopita. Chukua njia ya kichanga yenye upana wa milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 tu kuzunguka pande zote unaacha upana wa milimita 2. Ungedhani kazi ya kuvuta hewa imeongezeka mara mbili. La, imeongezeka mara 16, kwa maana ugumu wa kupitisha hewa hupanda kwa kasi kubwa sana kila upana unapopungua. Kwa mtu mzima milimita hiyo moja ni sauti ya kukwaruza na chai ya tangawizi.

Hesabu hiyo inaeleza jambo jingine ambalo bibi na mama wanaliona kwa macho. Mtoto akilia, huvuta hewa kwa nguvu na kwa haraka, hewa inapita kwa vurugu, na njia iliyolegea ya mtoto inavutwa ndani izidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo kumtuliza mtoto huyu si kumfariji tu. Ni sehemu ya matibabu, na wauguzi wazoefu wa wodi za watoto huanza na hilo kabla ya kugusa dawa yoyote.

Sasa mlio wenyewe. Ili kuusoma, sikiliza unatokea lini. Mtoto mwenye pumu, au mwenye uvimbe wa vijia vidogo ndani ya mapafu, hupata taabu anapotoa pumzi: anasikika kama anapiga mluzi mwembamba hewa inapotoka. Mtoto ambaye shida yake iko juu, shingoni, hulia anapoivuta pumzi kuingia ndani. Madaktari huuita mlio huo wa kuvuta pumzi stridori. Ukiweka mkono wako taratibu juu ya tumbo lake utajua: tumbo linapopanda hewa inaingia, na kama mlio unatoka wakati huohuo, tatizo liko kooni. Baba aliyesema pumu alisikia mlio, lakini hakuangalia unatoka upande gani wa pumzi. Dawa ya kuvuta ya pumu hulegeza misuli ya vijia vya mapafuni. Uvimbe wa kooni haiuondoi.

Swali la pili ni hili: mlio upo hata mtoto akiwa ametulia? Mtoto anayebweka akikohoa, anayetoa mlio akilia au akikimbia tu, kisha akipakatwa anapumua bila sauti na kunyonya au kunywa, ana krupu nyepesi. Aonwe na mhudumu wa afya, lakini hayuko ukingoni. Mtoto anayetoa mlio akiwa ametulia mapajani mwa mama yake, hana sababu ya kulia, ana ishara ya hatari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kwenye zahanati zetu unamhesabu kuwa mgonjwa mahututi anayepaswa kwenda hospitali bila kuchelewa. Mfunue kifua umtazame. Shimo lililo juu ya mfupa wa kifua, chini ya koo, linazama kila anapovuta pumzi? Mbavu za chini zinabonyea ndani? Hiyo ni misuli yake ikivuta kwa nguvu zote dhidi ya njia iliyobana.

Hapa lazima niseme jambo linalowapoteza hata wahudumu. Ukubwa wa mlio si kipimo cha ukubwa wa hatari. Ili njia nyembamba itoe sauti, hewa lazima ipite kwa kasi, na kasi hiyo hutoka kwenye nguvu za mtoto. Mtoto anapochoka, hewa inayopita hupungua na mlio hufifia. Nyumba hushusha pumzi ikisema amepata nafuu, kumbe kifua bado kinabonyea, macho yamelegea, midomo inaanza kuwa ya kijivu. Nafuu ya kweli huja na mambo yote pamoja: mlio unapungua, kifua kinatulia, na mtoto anataka kucheza au kula. Mlio ukipungua peke yake, kimbia. Na usidanganywe na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kwa mgonjwa wa njia ya hewa ya juu kinaweza kuonyesha namba nzuri karibu hadi dakika za mwisho.

Turudi kwa mtoto wetu. Amefikishwa hospitali saa tisa na nusu, mlio upo akiwa ametulia, kifua kinabonyea, lakini anamtambua mama na ana nguvu ya kumsukuma muuguzi. Anapimwa uzito: kilo 11. Dawa kuu ya krupu ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza uvimbe. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu. Kwa kilo 11 ni miligramu 6.6. Tembe za nusu miligramu zingemlazimu anywe kumi na tatu, jambo lisilowezekana kwa mtoto anayehangaika, ndiyo maana wengi hutumia dawa ya sindano yenye miligramu 4 katika kila mililita. Mtoto akikubali kumeza, hupewa mdomoni, na mililita 1.65 zinatosha, akitapika, huchomwa kwenye msuli. Njia zote mbili zinafanya kazi, nami naona ya mdomoni ni bora kila inapowezekana, kwa sababu sindano inamliza.

Steroidi haifanyi kazi papo hapo. Huanza baada ya saa moja hivi na nguvu yake huongezeka kwa saa kadhaa. Kwa kuwa huyu kifua kinabonyea, daktari anamwekea pia adrenalini kwa mashine ya nebulaiza, dawa inayogeuzwa kuwa ukungu na kuvutwa kwa barakoa huku mtoto akiwa mapajani. Adrenalini huminya mishipa ya damu kwenye utando uliovimba, na ndani ya nusu saa mtoto anaweza kuonekana mwingine kabisa. Hapo wazazi huomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Wasiipewe. Nguvu ya adrenalini huisha baada ya saa mbili hivi, na uvimbe unaweza kurudi ulipokuwa. Mtoto akae chini ya uangalizi saa tatu au nne, hadi ionekane kwamba steroidi imeshika usukani. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Viuavijasumu havimo katika orodha hii, kwa sababu haviui virusi.

Mtoto wa pili ana miaka minne. Asubuhi alikwenda kucheza. Adhuhuri alisema koo linamuuma na akakataa uji. Alasiri homa imefika nyuzi 39.8. Magharibi amekaa ukingoni mwa kitanda, ameegemea mbele juu ya mikono yake miwili, kidevu amekisukuma nje, mdomo wazi, mate yanadondoka juu ya fulana kwa sababu kuyameza ni maumivu yasiyovumilika. Hakohoi. Hazungumzi isipokuwa ameulizwa, na akijibu sauti ni ya chini, imefunikwa. Mlio wake ni hafifu, unasikika ukikaribia. Hataki kulazwa, hataki kuguswa. Mgeni angeweza kuingia chumbani akasema huyu katulia.

Huyu ndiye wa kuogopa zaidi. (Watoto hawa wawili nimewachora kutokana na picha ya kawaida ya kila ugonjwa, wagonjwa halisi hawafuati mchoro kila mara.) Ana epiglotaitisi. Nyuma ya ulimi kuna kifuniko chembamba cha gegedu kinacholinda njia ya hewa tunapomeza. Bakteria wanapokishambulia kinavimba, kinakuwa chekundu na kinene, na kinakaa juu ya mlango wa hewa tayari kuuziba. Mtoto anajua bila kufundishwa kwamba akiegemea mbele na kusukuma kidevu, kifuniko kinasogea na upenyo unabaki. Ukimlaza chali, kinaangukia mlangoni. Mkao ule unamlinda.

Mtu mwenye nia njema anaweza kumuua mtoto huyu. Muuguzi anachukua kijiti cha mbao amkandamize ulimi aone koo. Mtoto anakabwa, anajikunja, koromeo linajifunga, na hewa inakatika. Au analazwa chini kwa ajili ya picha ya eksirei. Au anashikwa na watu watatu ili apate mshipa wa kuwekea dripu, analia, njia inaziba. Kwa hiyo sheria ni fupi: ukishuku ugonjwa huu, usimwangalie kooni, usimlaze, usimchome, usimtenganishe na mama. Kama kuna oksijeni, mama mwenyewe ashike mpira karibu na uso wa mtoto, pasipo kumfunga barakoa kwa nguvu.

Anachohitaji ni watu wawili wenye ujuzi na chumba cha upasuaji: mtaalamu wa usingizi na mpasuaji anayeweza kutoboa shingo. Mtoto hulazwa usingizi kwa gesi akiwa bado amekaa, anaendelea kupumua mwenyewe, kisha mrija huingizwa kwenye bomba la hewa. Mtaalamu huandaa mrija mwembamba kuliko ule wa umri wake. Wa miaka minne kwa kawaida ni wa milimita 5, lakini huyu huandaliwa wa 4.5 na mingine midogo zaidi pembeni. Mpasuaji anasimama glavu mkononi, endapo mrija utashindikana. Baada ya mrija kukaa ndipo mshipa unatafutwa, damu inachukuliwa, na seftriaksoni inaanza. Mara nyingi uvimbe hupungua kiasi cha kuutoa mrija baada ya siku mbili au tatu. Ugonjwa unaoweza kuua kabla ya usiku wa manane hupona hivyo, mradi njia ya hewa imelindwa saa zile za mwanzo.

Ukiwaweka watoto hawa pamoja, usijichoshe na mambo kumi. Tazama mawili: kikohozi na mate. Anayebweka na kumeza mate yake karibu kila mara ana krupu. Asiyekohoa, anayetokwa na mate, aliyekaa akiegemea mbele na homa kali, achukuliwe kuwa na epiglotaitisi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Umri na mwendo vinasaidia: krupu hupanda polepole kupitia mafua ya siku moja au mbili, epiglotaitisi hupanda kwa saa. Yote hayo utayaona ukiwa umesimama mlangoni, bila kumgusa mtoto.

Kuna wengine wanaofanana nao. Aliyekuwa mzima kabisa, anakula karanga huku anakimbia, akapaliwa na tangu hapo ana mlio bila homa wala mafua, huenda ana karanga kwenye njia ya hewa, hata kama sasa anaonekana kuzoea. Na asiyechanjwa, mwenye shingo iliyovimba na utando wa kijivu kooni, huenda ana dondakoo. Hao wote ni wa hospitali.

Epiglotaitisi ya watoto kihistoria ilikuwa kazi ya bakteria mmoja, Hemofilasi influwenza aina ya b, ambaye kwenye kadi za kliniki huandikwa kwa kifupi Hib. Ulaya na Amerika Kaskazini madaktari wa watoto wa miaka ya 1980 waliufahamu vizuri ugonjwa huu. Baada ya chanjo kuanza kutolewa kwa vichanga, Marekani mwaka 1990, vijana waliofuata walihitimu bila kuona mgonjwa hata mmoja. Katika Afrika bakteria huyohuyo alikuwa akiua zaidi kwa njia nyingine, homa ya uti wa mgongo na nimonia, na aliwawahi watoto wakiwa wadogo zaidi. Kenya ilianza chanjo yake mwaka 2001, Tanzania mwaka 2009. Kilifi, ambako watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa tangu kabla, maambukizi makali ya Hib kwa walio chini ya miaka mitano yalishuka kutoka 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi chini ya 8 kufikia mwaka 2005.

Chanjo hiyo haisimami peke yake. Imo ndani ya ile sindano ya magonjwa matano inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini ya B. Kwa hiyo kadi ya mtoto ni sehemu ya uchunguzi. Daktari akiiomba saa tisa za usiku haulizi mambo ya ofisi. Dozi tatu zilizokamilika zinaisukuma epiglotaitisi mbali sana, ingawa haziifuti, kwa kuwa bakteria wengine nao huweza kuisababisha. Kadi yenye pengo inaileta karibu. Na ikithibitika kuwa ni Hib, waliomo nyumbani, hasa kama kuna mdogo ambaye hajamaliza chanjo, huenda wakapewa rifampisini ili bakteria asihame kutoka koo moja kwenda jingine.

Nimemwacha bibi hadi hapa kwa sababu neno lake lina uzito nyumbani. Anaposema kimeo anasema alichorithi: kikohozi kisichoisha, kutapika, kukataa kunyonya, vyote huhesabiwa kuwa vinatoka kwenye kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na dawa yake ni kukikata. Lakini mlio wa krupu unatoka chini ya nyuzi za sauti, na wa epiglotaitisi nyuma ya ulimi. Kimeo hakihusiki na hata kimoja. Kukikata kunamwachia mtoto jeraha linalovuja damu kuelekea kwenye njia ambayo tayari imebana, kwa kisu ambacho kinaweza kumpa maambukizi. Na kwa yule wa miaka minne, kumfungua kinywa tu kunatosha kumkata pumzi. Bibi aelezwe hivyo, kwa heshima na kwa sababu zake, kabla ya usiku wa namna hii kufika. Kumfukiza pia tuache. Mvuke haujaonyesha kuipunguza krupu, na sufuria la maji yanayochemka karibu na mtoto anayerusharusha mikono limeshaunguza wengi. Hewa baridi ya usiku, mtoto akiwa amefunikwa vizuri na kupakatwa mlangoni, haina madhara, na huenda ikampa nafuu kidogo wakati usafiri unatafutwa.

Safarini mtoto akae wima mapajani, uso kuelekea anakopenda yeye. Usimlishe wala kumnywesha kama anatokwa na mate. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Akiacha kupumua, mlaze, mwinue kidevu na mpulizie pumzi mdomoni na puani. Hewa ikisukumwa mara nyingi hupita hata pale mtoto mwenyewe aliposhindwa kuivuta. Ukishuku epiglotaitisi na una namna ya kuchagua, nenda moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi, na mtu apige simu mbele. Kama zahanati ndiyo ya karibu na mtoto anaishiwa nguvu, ingia zahanati kwanza. Mfuko wa kupumulishia na barakoa yake vinaweza kumvusha mpaka gari lipatikane.

Mapokezini usipange foleni, na usiseme tu kwamba mtoto ana kikohozi, maana utaambiwa ukae. Sema ulichokiona: "Nesi, mtoto anavuta pumzi kwa mlio hata akiwa ametulia, na kifua kinabonyea." Au: "Ana homa kali, hamezi mate, hakubali kulala chali, na chanjo zake hazikukamilika." Muuguzi aliyefunzwa akisikia sentensi ya kwanza atakupeleka kwenye nebulaiza. Akisikia ya pili atamwacha mtoto hapohapo mapajani mwako, bila kumgusa, na atamwita mtaalamu wa usingizi.